Saa 10:00 ya nani? Barua yangu ya kuhamisha kikao

Mwaka 2022 nilikuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji chetu, wilayani Muheza. Wajumbe tulikuwa 12, na katiba yetu ilitaka wawepo angalau 7 ndipo akidi itimie. Mwishoni mwa mwezi wa Mei mota ya pampu iliungua. Kisima kirefu kilikuwa na maji tele, ila hayakuwa na wa kuyapandisha kwenye tenki. Kina mama wakarudi kwenye kisima cha zamani kule bondeni, na wenye uwezo wakawa wananunua ndoo ya lita 20 kwa shilingi 500 kutoka kwa vijana wa bodaboda.

Fedha ya kununua mota ilikuwepo benki. Kilichokuwa kinasubiriwa ni kikao: injinia wa maji wa wilaya aje na makisio yake, wajumbe tuyapitie, tupitishe, watia sahihi waende kutoa pesa. Nilikiitisha Alhamisi tarehe 9 Juni, saa 4:00 asubuhi, ofisi ya kijiji. Siku tatu kabla, injinia akanipigia kwamba Alhamisi hiyo hana gari, yuko huru Jumatano ya wiki inayofuata, tarehe 15. Mwenyekiti akasema basi tuite jioni, kwa kuwa asubuhi wajumbe wengi wako kwenye machungwa. Na ofisi ya kijiji siku hiyo ilikuwa na shughuli nyingine, kwa hiyo tukaomba darasa pale shule ya msingi. Tarehe, saa na mahali, vyote vikabadilika kwa mpigo mmoja.

Jioni ya Jumatatu tarehe 6 Juni nikaandika barua. Ninayo mpaka leo kwenye faili. Kiini chake ni sentensi hii:

"Napenda kuwajulisha kuwa kikao chetu kimesogezwa mbele hadi Jumatano ijayo, saa 10:00, katika ukumbi wa shule. Tafadhali zingatieni muda."

Nilipoisoma niliona imekamilika. Siku imo, saa imo, mahali pamo. Nikaipiga muhuri, nikampa kijana aisambaze, na picha yake nikaiweka kwenye kundi la wasapu la kamati.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa hesabu ya watu.

Mjumbe mmoja, mzee wetu wa kitongoji cha mbali, alifika shuleni Jumatano tarehe 8. Barua ilisomwa kwake Jumanne, na Jumanne ukiambiwa Jumatano ijayo, inayokuja ni kesho. Tena kikao kilikuwa Alhamisi, barua inasema kimesogezwa mbele. Akaelewa kimeletwa karibu zaidi, siku moja kabla. Hakukosea popote. Alikaa chini ya mwembe mpaka karibu na Magharibi, akarudi kwake, na hakumwambia mtu. Nilipokuja kumuuliza baadaye alisema, "Nilijua mmekaa pengine bila mimi."

Jumatano tarehe 15, wajumbe watatu walifika shule ya msingi saa nne asubuhi, pamoja na injinia. Hawa watatu ni muuguzi wa zahanati, mwalimu, na mhazini wetu mwenye kibanda cha miamala ya simu. Ni watu ambao saa yao ni ya kwenye simu, na simu inapoandika 10:00 bila neno jingine, ni saa nne asubuhi. Zaidi ya hapo, kikao cha awali kilikuwa saa nne asubuhi, hivyo kwao saa haikuwa imebadilika kabisa, ila nimeiandika kwa mtindo wa ofisini. Walinipigia mara nyingi. Mimi nilikuwa shamba, kule bondeni ambako simu haishiki. Injinia alisubiri mpaka saa sita, akaondoka na makisio yake.

Saa kumi jioni tulikaa darasani watu sita, mimi na mwenyekiti tukiwamo. Wajumbe wengine wawili walikuwa wamekaa wakitusubiri shule ya sekondari, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kwa sababu ndiko kwenye ukumbi. Shule ya msingi haina ukumbi, ina madarasa. Nimeandika "ukumbi wa shule", wao wakaenda kwenye shule yenye ukumbi.

Mmoja, watatu, sita, wawili. Wajumbe wote 12 waliitikia barua yangu, hakuna hata mmoja aliyepuuza, na akidi haikutimia. Tulipungukiwa mtu mmoja. Na hata wale wawili wa sekondari wangekimbizwa kwa bodaboda, tungekaa na nini mezani, wakati injinia alikuwa keshafika Muheza mjini?

Jioni ile nilipita kwa shangazi yangu. Alifanya kazi masijala kwa zaidi ya miaka 20, tangu enzi za mashine za taipu, na mpaka leo akishika karatasi anaanza kuangalia kumbukumbu namba kabla ya jina. Nikamsalimia, nikampa barua. Aliisoma polepole, akaiweka mkekani, akaweka kidole chini ya neno "mbele".

"Mwanangu, mbele ni wapi?"

Nikamwambia mbele ni baadaye. Akasema kwako ni baadaye, kwa mwingine ni karibu zaidi na leo. Ukisogeza kiti mbele, umekileta kwangu au umekipeleka kwa wenzangu? Inategemea mimi nimekaa upande gani. Kidole kikahamia "ijayo". Akaniuliza barua ilimfikia kila mtu siku gani. Sikujua. Basi, akasema, neno hili limebadilika maana kila lilipobadilisha mkono, kwa sababu "ijayo" inahesabiwa kuanzia siku anayosoma mtu, siyo siku uliyoandika wewe.

Kisha akafika kwenye saa. Hapa alikaa sana, na mimi nataka nikae hapo pia, kwa sababu ndipo penye mtego unaotuhusu sisi hasa tunaoandika barua kwa Kiswahili.

Sisi saa yetu inahesabu tangu jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, adhuhuri inaangukia saa sita, na jua likizama tunaanza upya. Saa ya simu na ya kompyuta inahesabu tangu usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, siku zote, kwa kuwa huku kwetu jua halichelewi wala halikimbilii sana mwaka mzima. Mtu anayezungumza hakosei, maana hakuna anayesema "saa kumi" akamaanisha asubuhi kweupe. Kosa linaingia kwenye tarakimu. 10:00 kwenye karatasi inaweza kusomwa kumi ya mdomoni au kumi ya kwenye kioo cha simu. Shangazi alisema mbaya kupita zote ni 12:00: mmoja atakuja alfajiri, mwingine adhuhuri, mwingine jua likizama, na wote watatu watakuonyesha karatasi yako. Ukiandika 4:00 peke yake, nayo ni hivyo hivyo, asubuhi kwa mmoja na alasiri kwa mwingine.

Nilidhani dawa ni kuhamia moja kwa moja kwenye 16:00. Akakataa. Hakuna mtu kijijini anayesema saa kumi na sita, na mzee wa miaka 70 akisomewa hivyo na mjukuu wake, mjukuu mwenyewe itabidi apige hesabu, na akikosea kutoa sita hutajua. Andika kwa maneno kwanza, alisema, halafu taja wakati wa siku, halafu ndipo uweke ya simu kwa wale wanaoishi na simu: saa kumi kamili jioni, simu itaonyesha 16:00. Neno "jioni" ndilo linalobeba mzigo. Mtu akisahau yote akabaki na "jioni", hatakuja asubuhi.

Alinigusia na usiku, ingawa kikao chetu hakikuwa cha usiku. Kwa wazee wa huku pwani siku inaingia jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Jumatano" kwao ni usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, wakati kijana wa leo anauelewa kuwa ni Jumatano yenyewe baada ya Isha. Kamati ya msikiti wao iliwahi kugawanyika kwa hilo, alisema. Ukilazimika kuita usiku, taja tarehe na useme ni baada ya swala gani.

Mwisho akarudi mwanzo wa sentensi. "Na hiki kikao cha tarehe 9, kipo au hakipo?" Nikasema hakipo, si kimehamishwa? Akasema hujaandika. Barua yako haitaji tarehe 9 mahali popote. Mtu mwenye barua mbili mkononi, moja ya Alhamisi na moja ya Jumatano, ana haki ya kufikiri kuna vikao viwili.

Nilitaka kuandika "kimeahirishwa". Hilo nalo alilikataa, na sababu yake sikuwa nimewahi kuifikiria. Kwenye mihtasari tunaandika "mwenyekiti aliahirisha kikao saa nane mchana", tukiwa na maana kwamba tulimaliza tukatawanyika. Na mtu akiona "kimeahirishwa" kwenye kichwa cha barua, aghalabu anaishia hapo, anajua hakuna kikao mpaka atakapoitwa tena. Hasomi mstari wa chini wenye tarehe mpya. Basi kichwa cha habari chenyewe kiseme ni nini kimebadilika.

Haikupita wiki nikapata nafasi ya kuyatumia hayo. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kikao kingine Alhamisi tarehe 23 Juni, saa nne asubuhi, ofisi ya kijiji, na nikawa nimetuma mwaliko tarehe 16. Ijumaa injinia akapiga tena: tarehe 23 ameitwa mkoani. Anaweza Jumanne tarehe 28, alasiri. Jumamosi nikakaa nikaandika barua hii. Naiweka karibu yote, kwa kuwa mtu akiwa na barua nzima mbele yake anaona kila neno linafanya kazi gani:

Kumb. Na. KM/VK/2022/08
Tarehe: 18 Juni 2022

Wajumbe wote,
Kamati ya Maji ya Kijiji.

YAH: KUBADILISHWA TAREHE, SAA NA MAHALI PA KIKAO: SASA NI JUMANNE TAREHE 28 JUNI 2022

Tafadhali rejeeni barua yangu Kumb. Na. KM/VK/2022/07 ya tarehe 16 Juni 2022, iliyowaita kwenye kikao cha Alhamisi tarehe 23 Juni 2022, saa nne asubuhi, ofisi ya kijiji. Kikao hicho hakitafanyika siku hiyo wala mahali hapo. Barua hiyo sasa imefutwa.

2. Kikao hicho hicho kitafanyika kama ifuatavyo:

Siku: Jumanne, tarehe 28 Juni 2022.
Saa: Saa kumi kamili jioni (simu itaonyesha 16:00).
Mahali: Shule ya Msingi, chumba cha Darasa la Saba, kinachotazamana na mwembe. Si shule ya sekondari.

3. Sababu ya mabadiliko ni kwamba injinia wa maji, ambaye ndiye mwenye makisio ya mota, hatakuwepo wilayani tarehe 23 Juni 2022.

4. Ajenda hazijabadilika. Mjumbe asiyeweza kufika anaombwa anijulishe kabla ya jioni ya Jumamosi tarehe 25 Juni 2022, ili tujue mapema kama akidi itatimia.

Chini ni sahihi, cheo na muhuri, halafu nakala kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa injinia.

Siku ya wiki na tarehe ya kikao nimeziandika pamoja kila mahali, kwa sababu moja inailinda nyingine. Ningekosea nikaandika Jumanne tarehe 29, mtu mwenye kalenda ukutani angegundua Jumanne ni tarehe 28 na kunipigia. Ningeandika tarehe tupu, kosa lingepita kimya. Mwezi nimeuandika kwa jina, siyo 28/6, maana simu nyingine zinatanguliza mwezi na kuna tarehe ambazo zinageuka kabisa. Kikao cha zamani nimekitaja kwa ukamilifu, lakini kwenye aya yake peke yake, na kikao kipya kimesimama kwenye mistari yake. Mwanzoni nilikuwa nimeviweka kwenye sentensi moja, "kutoka tarehe 23 saa nne kwenda tarehe 28 saa kumi", na shangazi akasema mtu akisoma kwa haraka atachukua tarehe ya huku na saa ya kule.

Sababu nimeipa sentensi moja tu. Nilikuwa na mengi ya kueleza kuhusu mkoa, gari na tarehe 15 iliyotuharibikia, lakini hayo yangeisukuma tarehe mpya mpaka chini ya ukurasa. Samahani ya tarehe 15 nilikwenda kuisema kwa mdomo. Nilimfuata yule mzee nyumbani kwake, nikamkuta anachambua machungwa, nikamwomba radhi kwa kumkalisha chini ya mwembe. Nikamsomea barua mpya mara mbili, kisha yeye akanirudishia kwa maneno yake: Jumanne ya tarehe 28, jioni saa kumi, darasani, mwembeni pale pale.

Kabla ya kusambaza, shangazi alinifanya nimpe barua mtoto wa jirani wa darasa la sita, ambaye hajui lolote la kamati. Tukamuuliza: kikao ni lini, saa ngapi, wapi, na kile cha Alhamisi je? Alijibu matatu, kwenye mahali akasita: "Darasa la Saba A au B?" Kwa kweli wana mikondo miwili, na mimi sikujua. Ndipo nikaongeza maneno "kinachotazamana na mwembe".

Usambazaji nao niliubadilisha. Mara ya kwanza kijana alizungusha barua na sikuwa na namna ya kujua nani kaipata lini. Sasa nilichukua daftari, nikachora safu za jina, tarehe ya kupokea, saa na sahihi, na kila mjumbe akatia sahihi au dole gumba. Kufikia Jumapili jioni nilikuwa nimepata zote, siku nane kamili kati ya mtu wa mwisho kupokea na siku ya kikao, na katiba yetu inataka siku 7. Kwenye kundi la wasapu nilijaribu kufuta picha za barua za tarehe 6 na tarehe 16. Hazikufutika, muda wake ulikuwa umepita, na kweli Jumatatu mtu mmoja aliirusha tena ile ya tarehe 6 akiuliza kama ndiyo hii. Nikamwambia aangalie kumbukumbu namba, inayotumika ni 08. Bila namba zile sijui ningemweleza vipi, kwa sababu kwa macho barua zote tatu zinafanana: muhuri ule ule, sahihi ile ile.

Alhamisi tarehe 23 nilibandika nakala kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, halafu nikakaa pale kwenye benchi tangu saa tatu na nusu. Saa nne na dakika chache akaja mjumbe mmoja, aliyekuwa ametia sahihi kwenye daftari langu kwa mkono wake. Alikuwa ameiandika tarehe 23 kwenye kalenda ya nyumbani siku alipopata mwaliko wa kwanza, na barua ya pili ilipokuja hakwenda kuifuta. Tulisoma pamoja pale mlangoni. Toka siku hiyo, nikipeleka barua ya kuhamisha kikao namwomba mtu alete kalenda yake, tunakata ile ya zamani nikiwa bado nimesimama.

Jumanne tarehe 28 tulikuwa 11. Wa kumi na mbili, muuguzi, alikuwa amenijulisha Ijumaa kwamba ana zamu. Injinia aliegesha pikipiki chini ya mwembe saa kumi kasoro robo, na mzee wetu alikuwa ameshakaa dawati la mbele. Makisio yalipita kabla ya saa kumi na moja na nusu, na kesho yake watia sahihi wakaenda benki.